Salamu Inakaa Nyumba Namba 31765

Karibu kila anayejifunza kuandika programu ndogo ya kuwashia kompyuta hupita kwenye kosa hili. Ameandika mistari isiyofika thelathini, asembla imeipokea bila kunung'unika, faili limetoka, kompyuta imelisoma na programu imeanza kukimbia. Kilichotakiwa ni neno moja tu kwenye skrini: Habari. Badala yake zinatokea alama mbili tatu za ajabu, au hakitokei kitu kabisa. Mwandishi anapekua amri zake moja baada ya nyingine, na zote ziko sawa. Mstari uliokosekana ni ule ambao prosesa isingeuona hata kama ungeandikwa: `org 0x7C00`.

Mstari huo si amri ya prosesa. Ni agizo kwa asembla yenyewe, yaani ile programu inayogeuza maandishi ya binadamu kuwa baiti za mashine. Faili la asembla huchanganya watu wawili wanaosemeshwa kwa wakati mmoja. Baadhi ya maneno yanasubiri prosesa, nayo itayatii programu itakapokimbia. Mengine yanasemwa na asembla papo hapo, kazi yake inaisha faili likishatengenezwa, na baada ya hapo hakuna anayeyakumbuka. Ugumu wa mwanzo kwa wengi hauko kwenye amri. Uko kwenye kujua ni nani anayeambiwa nini.

Programu yenyewe hii hapa, imeandikwa kwa NASM, asembla huria iliyoanzishwa na Simon Tatham na Julian Hall katika miaka ya 1990, na ambayo hadi leo ndiyo inayopendwa na wengi kwa prosesa za jamii ya Intel.

```
        org 0x7C00
CHAPA   equ 0x0E

mwanzo: xor ax, ax
        mov ds, ax
        mov si, salamu
rudia:  lodsb
        cmp al, 0
        je  simama
        mov ah, CHAPA
        int 0x10
        jmp rudia
simama: hlt
        jmp simama
salamu: db "Habari", 0

        times 510-($-$$) db 0
        dw 0xAA55
```

Majina ya Kiswahili si pambo. Maneno kama `mov` na `int` ni ya Intel na hayabadiliki, lakini `rudia`, `simama` na `salamu` ni lebo, na lebo ni mali ya mwandishi. Asembla haijali maana yake. Inachojali ni kwamba kila jina limetajwa mahali pamoja tu, ili lisiwe na anwani mbili.

Kazi ya programu yenyewe ni nyepesi. Rejista iitwayo SI inashikishwa anwani ya herufi ya kwanza ya salamu. Amri ya `lodsb` inachukua baiti iliyoko kwenye anwani hiyo, inaiweka kwenye rejista AL, kisha inasogeza SI mbele kwa hatua moja. Baiti ikiwa sifuri, maneno yamekwisha. Isipokuwa sifuri, BIOS inaombwa kwa `int 0x10` iichape kwenye skrini, na mzunguko unaanza upya. Mwishoni prosesa inalazwa kwa `hlt`, na ikiamshwa na lolote inarudishwa kulala.

Sasa asembla inaanza kusoma, kuanzia juu kwenda chini. Ina kalamu mbili, tuseme. Ya kwanza ni kihesabu cha mahali: namba moja inayosema baiti ijayo itakaa wapi. Ya pili ni jedwali la majina, ambalo bado ni tupu.

Mstari wa `org` unagusa kalamu ya kwanza tu. Unasema: anza kuhesabu kutoka 7C00. Namba hiyo imeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, ambamo baada ya 9 zinafuata A hadi F, na alama ya 0x mbele ndiyo inayotangaza hivyo. Kwa hesabu ya sokoni ni 31,744. Hakuna baiti iliyoandikwa kwenye faili bado.

Mstari wa `equ` unagusa kalamu ya pili tu. Jina CHAPA linaingia kwenye jedwali likiwa na thamani 0E, na kihesabu hakisogei hata kidogo. Hapa nako hakuna baiti.

Ndipo zinapokuja amri. `xor ax, ax` inageuka kuwa baiti mbili, 31 na C0, na kihesabu kinasogea hadi 7C02. `mov ds, ax` ni baiti mbili tena, 8E na D8, na tuko 7C04. Kisha asembla inakutana na `mov si, salamu`, na hapo inakwama, kwa sababu jina salamu halimo kwenye jedwali. Litatokea mistari mingi chini. Mtu angeweza kudhani kazi imeharibika, lakini asembla ina njia: inajua kwamba amri hii itachukua baiti tatu hata thamani ya salamu ikiwa nini, moja ya BE na mbili za anwani. Inaacha nafasi, inasogeza kihesabu hadi 7C07, na inaendelea.

Kwenye 7C07 inaikuta lebo `rudia`. Lebo haina baiti. Asembla inatazama kihesabu kinasema nini wakati huo, na inaandika kwenye jedwali: rudia ni 7C07. Hicho ndicho kitendo chote cha lebo. Si mahali palipotengwa, si kisanduku, ni kumbukumbu tu ya kihesabu kilivyosoma jina lilipotokea. Kwa namna hiyohiyo simama inaandikwa 7C12, na salamu inaandikwa 7C15, ambayo kwa hesabu ya kawaida ni 31,765. Agizo la `db` nalo linaweka baiti saba pale pale ilipofika: 48 kwa H, 61 kwa a, 62 kwa b, 61, 72, 69, na sifuri ya kufungia. Kihesabu kinafika 7C1C.

Jedwali likishajaa, asembla inarudi juu na kupitia faili mara ya pili, safari hii ikijaza zile nafasi. Mahali pa salamu kwenye ile amri ya BE zinaandikwa 15 na 7C, kwa mpangilio huo wa kinyume, kwa sababu prosesa za Intel huhifadhi namba zikianza na upande mdogo. Asembla za zamani zilikuwa na mapitio mawili hasa, na vitabu bado huzieleza hivyo. NASM inaweza kupita mara nyingi zaidi, kwa sababu baadhi ya amri hubadilisha urefu kutegemea umbali: `je simama` ni baiti mbili ikiwa simama iko jirani, na nne ikiwa mbali. Lakini umbali wenyewe unategemea urefu wa amri zilizo katikati. Basi asembla inazunguka mpaka namba zitulie.

Matokeo yanaweza kuonekana kwa macho. Faili likitengenezwa kwa amri ya kwanza hapa chini, ya pili inaonyesha baiti zake 28 za mwanzo:

```
nasm -f bin kianzio.asm -o kianzio.bin
xxd -l 28 kianzio.bin
00000000: 31c0 8ed8 be15 7cac 3c00 7406 b40e cd10
00000010: ebf5 f4eb fd48 6162 6172 6900
```

(Pembeni `xxd` huonyesha pia herufi zenyewe, na neno Habari linasomeka bila shida.)

Inafaa kukaa kidogo kwenye mistari hii miwili, maana yote yaliyosemwa yamo humo na mengi yamepotea. Hakuna neno rudia. Hakuna CHAPA, iliyobaki yake ni 0E inayofuata B4, na kama CHAPA ingetumiwa mara kumi zingeonekana 0E kumi. Hakuna `org`. Lakini alama yake ipo: ni ile 7C baada ya 15. Ondoa mstari wa `org`, tengeneza faili upya, na kati ya baiti zote 512 itakayobadilika ni hiyo moja tu. Badala ya `be15 7c` itakuwa `be15 00`, kwa kuwa bila kuelekezwa NASM huanza kuhesabu kutoka sifuri.

Baiti moja. Ndiyo inayokula jioni nzima ya mwanafunzi.

Kwa nini basi programu isianguke? Kwa nini inakimbia vizuri, inazunguka, inasimama kwa heshima, lakini inachapa upuuzi? Jibu liko kwenye zile ruko. `jmp rudia` imegeuka kuwa EB F5. EB ni amri ya kuruka karibu, na F5 si anwani bali ni hesabu ya hatua: kwa namba zenye alama ya hasi, F5 ni kumi na moja kurudi nyuma. Prosesa ikishaisoma amri hiyo imefika 7C12, inatoa kumi na moja, na inatua 7C07, ambako ndiko kwenye rudia. Vivyo hivyo 74 06 ni "ikiwa sawa, ruka hatua sita mbele", na EB FD ni "rudi hatua tatu".

Ni tofauti ileile kati ya namna mbili za kumwelekeza mgeni. Ukimwambia "rudi nyumba ya tatu nyuma yako", maelekezo hayo yatafaa hata mtaa mzima ukihamishiwa mji mwingine. Ukimwambia "nenda nyumba namba 31765", yatafaa tu ikiwa namba za mtaa ndizo hizo ulizodhani. Ruko za programu yetu ni za namna ya kwanza. Anwani ya salamu ni ya namna ya pili. Ndiyo maana `org` ikikosekana amri hazidhuriki na data inapotea, na ndiyo maana anayechunguza amri peke yake haoni kosa.

Kuhusu alikokwenda mgeni wetu bila `org`, nako kunajulikana. SI ilishikishwa 0015, na hapo chini kabisa ya kumbukumbu, kutoka anwani 0 hadi 3FF, ndipo kompyuta hizi zinapoweka jedwali la makatizo: anwani 256, kila moja ya baiti nne, zinazoiambia prosesa iende wapi tukio fulani likitokea. Anwani 0015 iko ndani ya nafasi ya katizo la tano. Programu inasoma kutoka hapo, inachukulia kila baiti kuwa herufi, inaichapa, na inaendelea mpaka ikutane na sifuri. Sifuri ikiwa karibu, zinatokea alama chache. Ikiwa baiti ya kwanza yenyewe ni sifuri, skrini inabaki kimya.

Jambo ambalo wengi hulikosea hata baada ya kusahihisha ni kudhani kwamba `org` ndiyo iliyoipeleka programu 7C00. Kwa faili la namna hii, siyo. Faili bado linaanza na baiti yake ya kwanza, halina anwani yoyote ndani yake, na NASM haina mamlaka juu ya mahali litakapowekwa. Anayeiweka programu 7C00 ni BIOS. Kompyuta yenye BIOS ikiwashwa huisoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512, huimwaga kuanzia anwani hiyo, kisha huruka pale. `org` ni taarifa tu kwa asembla: wenzako watanipeleka huku, kwa hiyo hesabu zako zifanye ukijua hivyo. Ukiandika `org 0x9000` asembla itakubali bila swali, BIOS itaiweka programu 7C00 vilevile, na salamu itatafutwa 9015 ambako haipo.

Namba yenyewe ina umri. IBM PC ilitoka mwaka 1981, na mfumo wa kuendeshea uliolengwa ulihitaji kumbukumbu ya kilobaiti 32 kwa uchache. Kilobaiti 32 zinaishia kwenye 8000. Rudi nyuma baiti 1,024, yaani 512 za sekta yenyewe na 512 nyingine za kufanyia kazi, na unafika 7C00. Programu ya kuwashia iliwekwa kwenye ukingo wa juu ili mfumo utakaopakiwa upate nafasi yote iliyo chini. Kompyuta za sasa zina gigabaiti kadhaa na nyingi zinatumia UEFI badala ya BIOS, lakini palipobaki utaratibu wa zamani, hasa kwenye mashine za kuigiza kama QEMU, anwani ni ileile. Anayetaka kujaribu bila kugusa diski yake anaandika:

```
qemu-system-i386 -drive format=raw,file=kianzio.bin
```

Wazo la kuhesabu kutoka chanzo fulani ni la zamani zaidi ya IBM. Pale Cambridge, Uingereza, kwenye kompyuta ya EDSAC iliyoanza kazi mwaka 1949, David Wheeler alitunga maagizo ya awali yaliyosoma herufi kutoka kwenye mkanda wa karatasi na kuzigeuza kuwa amri za mashine. Katika toleo lake la pili, amri iliyoandikwa na herufi theta mwishoni iliongezewa anwani ya mwanzo wa kipande ilimokuwa. Kipande kilekile kiliweza kuwekwa popote kwenye kumbukumbu bila kuandikwa upya. Majina yanayosomeka kama salamu na rudia yalikuja baadaye, lakini hesabu ya ndani ni ileile: chanzo, kuongeza umbali.

Kosa la pili ni ndugu wa kwanza, na linampata aliyesoma sana badala ya aliyesoma kidogo. Prosesa hizi zikianza kazi hupata anwani kwa kuchukua namba ya segimenti, kuizidisha mara kumi na sita, na kuongeza namba ya pili. Rejista DS ndiyo inayobeba segimenti ya data. Kwenye programu yetu DS imewekwa sifuri, kwa hiyo 7C15 inabaki 7C15. Kuna mtindo mwingine unaokubalika kabisa: DS inawekwa 07C0, ambayo mara kumi na sita ni 7C00, na `org` inakuwa sifuri. Hapo salamu ni 0015 na jumla ni ileile. Tatizo hutokea mtu akichukua nusu ya mtindo huu na nusu ya ule, akaweka `org 0x7C00` na DS 07C0 pamoja. Chanzo kinahesabiwa mara mbili: 7C00 kuongeza 7C15 ni F815, na programu inaenda kusoma mahali pasipo na kitu chake. Mistari yote miwili ni sahihi ikisomwa peke yake, na ndipo ubishi unapoanza kati ya wanafunzi wawili walioshika mafunzo tofauti.

Anayetaka kuhakiki huwa anaiomba NASM orodha, kwa kuongeza `-l kianzio.lst`, na hapo kuna mtego mdogo. Kwenye orodha hiyo mstari wa `mov si, salamu` hauonyeshi BE157C. Unaonyesha `BE[1500]`, na anwani za pembeni zinaanzia sifuri, hata kama `org` imeandikwa vizuri. Mabano hayo yanamaanisha kwamba thamani hiyo bado itaongezewa chanzo faili linapoandikwa. Asiyejua hufuta `org` na kuiandika tena mara tatu akidhani haisomwi. Orodha ni nzuri kwa kuona urefu wa kila amri. Ukweli wa mwisho uko kwenye baiti za faili lenyewe.

Turudi kwenye `equ` na `db`, kwa kuwa zinafanana kwa sura na kutofautiana kabisa kwa tabia. Tuseme mwandishi anataka salamu ichapwe mara tano, na hesabu ya mizunguko inawekwa kwenye rejista CX. Akiandika `IDADI equ 5`, basi `mov cx, IDADI` inakuwa `mov cx, 5`, kana kwamba aliandika tano kwa mkono wake. Akiandika `idadi: dw 5`, agizo ambalo ni kama `db` ila linaweka baiti mbili mbili, sasa tano inakaa kwenye kumbukumbu na jina idadi ni anwani yake. Kwenye NASM `mov cx, idadi` inapakia anwani, si tano. Salamu inachapwa mara zaidi ya 31,000, na skrini inajaa Habari zinazopanda kama moshi. Dawa ni mabano: `mov cx, [idadi]`, yaani nenda kwenye anwani hiyo ulete kilichomo. Asembla ya Microsoft, MASM, huelewa hivyo bila mabano, kwa hiyo anayehama na mifano yake ya zamani hukutwa na jambo hili siku ya kwanza.

Kinyume chake nacho kipo. Ukiweka mabano kwenye jina la `equ`, `mov cx, [IDADI]`, asembla itatii na kuiambia prosesa isome kilichomo kwenye anwani ya tano ya kumbukumbu. Hakuna kengele itakayolia, kwa sababu kwa asembla yote mawili ni namba. Lebo ni namba, kisichobadilika ni namba. Tofauti yao ni jinsi namba ilivyopatikana: moja imetoka kwenye kihesabu, nyingine imetoka kwenye kalamu ya mwandishi.

Vyote viwili vinaweza pia kuchanganywa, na hapo ndipo alama ya dola inapofaa. Kwenye NASM `$` ni kihesabu kinavyosoma mwanzoni mwa mstari huo. Kwa hiyo urefu wa maneno unaweza kuhesabiwa na asembla yenyewe:

```
salamu: db "Habari", 0
urefu   equ $ - salamu
```

Kihesabu ni 7C1C, salamu ni 7C15, tofauti ni saba. Neno likibadilishwa kuwa "Habari za asubuhi" urefu utajirekebisha wenyewe. Ila mtu akija wiki ijayo akaongeza mstari wa `jibu: db "Nzuri", 0` katikati ya hiyo miwili, urefu unakuwa 13 ghafla, na programu inayochapa kwa urefu itachapa salamu pamoja na jibu lake. Mstari wa urefu haukuguswa. Kilichobadilika ni kihesabu kilichokuwa chini ya miguu yake.

Mahali pa kuweka data nako si pa kubahatisha. Mazoea ya lugha nyingine hufundisha kutangaza vitu juu, kisha kazi ifuate. Ukipandisha `db "Habari", 0` juu kabisa, mara baada ya `org`, asembla itaziweka baiti hizo 7C00 bila wasiwasi, nayo BIOS itaruka 7C00 bila wasiwasi pia. Prosesa haijui kwamba 48 ni H. Kwake 48 ni amri ya kupunguza moja kutoka AX. Herufi a, yaani 61, ni amri ya kuzoa rejista nane kutoka kwenye rundo. Herufi b, 62, inaanzisha amri ya kukagua mipaka, ikizila a na r zinazofuata kama sehemu yake, na thamani ikiwa nje ya mipaka inaita katizo la tano, ambalo kwenye IBM PC ndilo lililopewa kazi ya kuchapa skrini kwenye karatasi. Neno la maamkizi limegeuka kuwa programu, na hakuna aliyekosea ila aliyeliweka mlangoni. Wanaopenda data juu huweka `jmp mwanzo` kabla yake.

Kuna pia kosa la kidole. NASM hairuhusu tu lebo zenye nukta mbili. Inakubali hata zisizo nazo. Andika `lodbs` badala ya `lodsb`, peke yake kwenye mstari, na asembla itaona jina isilolijua na kulifanya lebo mpya. Itatoa onyo, kwamba lebo iliyo peke yake bila nukta mbili huenda ni kosa, lakini faili litatoka. Ndani ya faili hilo AC haipo, kila kilicho chini kimepanda kwa baiti moja, salamu imehamia 7C14, na anwani zote zimerekebishwa sawasawa kufuata uhamisho huo. Na kwa kuwa AX ilianzwa na sifuri na hakuna anayeijaza herufi, ulinganisho wa kwanza unasema maneno yamekwisha. Programu inalala kabla ya kusema chochote. Mwenye kusoma maonyo atalipata kosa kwa dakika moja.

Imebaki mistari miwili ya chini. BIOS haiamini kila sekta. Inatazama baiti mbili za mwisho, na lazima ziwe 55 kisha AA. Agizo `dw 0xAA55` linazigeuza kwa ule mpangilio wa kuanza na upande mdogo, kwa hiyo 55 inatangulia. Anayeandika `dw 0x55AA` kwa kuona ndiyo inayosomeka vizuri anapata AA 55, na kompyuta inamjibu kwamba haikuona diski ya kuwashia. `db 0x55, 0xAA` ingeepusha mkanganyiko huo.

Baiti hizo lazima ziangukie nafasi ya 510 na 511, na kazi hiyo inafanywa na mstari wa `times`. Alama `$$` ni mwanzo wa sehemu, 7C00. Alama `$` ni tulipofika, 7C1C. Tofauti ni 28, na 510 kutoa 28 ni 482, basi asembla inarudia `db 0` mara 482. Angalia kwamba `org` imejifuta yenyewe kwenye hesabu hii: chanzo kiko pande zote mbili za alama ya kutoa. Mtu akiandika `times 510-$ db 0`, akisahau `$$`, NASM itakataa, kwa kuwa hiyo si hesabu ya umbali tena bali ya anwani ambayo bado haijatulia.

Programu ikinenepa kupita kiasi, mstari huohuo ndio unaopiga kelele. Ikifika baiti 515 hesabu inakuwa hasi, na asembla inasema:

```
error: TIMES value -5 is negative
```

Ujumbe huo unamtisha mgeni, ilhali maana yake ni kwamba amezidisha baiti tano. Kwenye diski iliyogawanywa sehemu, nafasi ni finyu zaidi, kwani jedwali la mgawanyo linachukua baiti 64 kabla ya ile 55 AA, kuanzia nafasi ya 446. Huko mwandishi hubadilisha 510 kuwa 446 na kuondoa mstari wa `dw`, akiacha jedwali la diski na ile 55 AA kama zilivyo, na salamu yake bado inakaa 7C15.